Mwamba ukianguka mgodini: ya kuzingatia kabla hujampigia ofisa usalama

Kwanza watu. Hesabu zamu yako mmoja mmoja, ili ofisa akiuliza uwe na jibu. Pili, funga njia pande zote mbili, maana dereva anayetokea upande wa pili hajui kilichotokea. Na usiende chini ya paa lililoachwa wazi, hata kwa dakika moja ya kupiga picha.

Mahali pataje kwa levo, jina la njia na mita ngapi kutoka alama ya wapimaji iliyo karibu. "Karibu na feni" haitoshi, feni huhamishwa. Taja pia saa mwamba ulipoanguka na saa ya mlipuko wa mwisho.

Ukubwa ukadirie kwa shimo lililobaki juu, si kwa lundo la chini, kwa kuwa jiwe likivunjika hujaza nafasi kubwa zaidi.

Sasa bolti. Hapa ndipo nilipokosea mimi. Usiku mmoja paa la njia yetu lilianguka, kama mita 3 kwa 2, unene mita 2.5. Hiyo ni mita za ujazo 15, na kwa mwamba wa kawaida wenye tani 2.7 kila mita ya ujazo, ni tani 40 hivi. Nilipiga simu nikasema: "Mawe yameanguka, hakuna aliyeumia." Ofisa akaelewa ni mawe yaliyolegea ambayo hayakuangushwa baada ya mlipuko. Akaagiza yaangushwe yaliyobaki na bolti zipigwe upya, zile zile za mita 2.4. Zamu iliyofuata kipande cha pembeni nacho kikashuka, na bolti mpya ndani yake. Fundi wetu alikuwa ameondoka pale muda mfupi tu.

Kumbe jibu lilikuwa kwenye lundo la kwanza. Nilimulika taa nikaziona bolti zimeshuka nzima, zimezama ndani ya jiwe, bamba na nati zikiwa mahali pake. Maana yake ufa ulikuwa juu ya ncha za bolti, kwa hiyo hazikushika kitu chochote kizima. Niliona, sikusema.

Kwa hiyo sema zikoje. Zimekatika? Huenda zimezidiwa na uzito au zimeliwa na kutu. Zimechomoka zikiwa safi? Shuku gundi au saruji ya ndani ya tundu. Zimebaki zinaning'inia juu huku jiwe limepita katikati? Angalia umbali kati yake, wavu na mabamba. Huhitaji kuamua chanzo, hiyo ni kazi ya mhandisi wa mwamba. Wewe eleza ulichokiona.

Mwishowe, taja maji yanayovuja, na kama mwamba bado unalia au kokoto zinadondoka. Zikiendelea, sogeza kizuizi nyuma zaidi. Na mashine ya kuzoa isiguse lundo kabla ofisa hajafika, hata uzalishaji ukikubana.