Kwa nini plastiki hutoka na maji kwenye mashine ya kuosha vyombo

Ukifungua mashine ukakuta sahani za kaure zimekauka huku vibakuli vya plastiki vina matone, usikimbilie kuita fundi. Mashine nyingi hazipulizi hewa ya moto. Zinasuuza mara ya mwisho kwa maji ya moto sana, vyombo vinapata joto, na joto hilo ndilo linalogeuza maji kuwa mvuke, ambao hutua kwenye kuta za chuma zilizopoa na kuchuruzika chini. Kaure ni nzito, hutunza joto. Plastiki ni nyepesi, hupoa upesi kabla matone hayajaisha, tena maji juu yake hujikusanya badala ya kutandaa.

Kwenye mashine hizo, kitufe cha Extra Dry huongeza joto la msuuzo huo na muda wa kukausha. Kaure itafaidi, plastiki kidogo tu.

Mimi hujaza dawa ya kusuuzia, huinamisha vibakuli ili maji yasituame kwenye kitako, kisha mzunguko ukiisha naachia mlango wazi kidogo kwa nusu saa. Toa kwanza vyombo vya chini, vya juu visije vikavidondoshea maji.