Kioo cha duka linalotazama barabara: tempa, lamineti ama cha kawaida, na unene gani

Kabla uulize bei, jiulize kioo chako kikivunjika saa nane usiku kitakuwa wapi, kwa fremu ama chini kwa lami. Mimi ni fundi wa vioo na alumini, na tangu maandamano ya Juni 2024 wenye maduka ya taoni wananiambia "fundi niwekee tempa, nataka ngumu", na mara nyingi si tempa wanahitaji kwa dirisha. Nitaeleza na kazi moja ya duka la viatu pale Ngara, nafasi ya dirisha ilikuwa mita 2.4 upana na mita 2.1 kimo, mlango uko kando yake.

Hatua ya 1: jua kila kioo kinavunjika aje

Kioo cha kawaida kikipigwa kinatoka vipande virefu kama visu, na vingine vinabaki vimening'inia juu vikingoja mtu apite. Ni rahisi, kinakatwa papo hapo dukani, lakini kwa dirisha linalofika karibu na sakafu na watu wanapita na mikokoteni mimi sikiweki hata mteja akiniomba.

Tempa ni hicho hicho cha kawaida kimechomwa zaidi ya digrii 600 halafu kikapozwa ghafla na upepo mkali, kwa hivyo uso wake umejibana na ndani kunavutana. Hapo ndio kinapata nguvu kama mara 4 ama 5 ya cha kawaida. Lakini ile nguvu imefungwa ndani, ukikigonga kwa pembe ama kitu chenye ncha kikitoboa ule uso, kioo chote kinageuka punje kwa mpigo mmoja na chote kinashuka. Punje haziwezi kukukata vibaya, hiyo ni kweli na ndio uzuri wake, ila sasa duka liko wazi.

Lamineti ni vioo 2 vimeunganishwa na plastiki katikati inayoitwa PVB. Hakikatai kupasuka, kinapasuka hata mapema kuliko tempa, lakini vipande vinashikwa na ile plastiki na kioo kinabaki kimesimama kwa fremu. Mwizi inabidi agonge sana tena kwa kelele ndio apate shimo la kupitisha mkono.

Hatua ya 2: gawa kazi

Kwa hilo duka niliweka tempa kwa mlango na lamineti kwa dirisha. Mlango unafunguliwa na kugongwa siku nzima na mtu anaweza kuuingia na uso, kwa hivyo unataka nguvu na zile punje. Waingereza kwa kanuni yao ya BS 6262 wanahesabu kioo chochote kilicho chini ya mita 0.8 kutoka sakafuni kuwa mahali pa hatari, na kwa mlango na kioo kilichobanana nao wanapanda mpaka mita 1.5. Mimi natumia hizo namba kila site: sehemu hizo, cha kawaida hakiingii.

Hatua ya 3: unene

Hapa ndio watu wanakosea. Tempa inaongeza nguvu lakini haiongezi ugumu wa kutopinda, yaani tempa ya mili 6 na cha kawaida cha mili 6 vinapinda sawa upepo ukisukuma. Kinachozuia kupinda ni unene na ukubwa wa kioo, na unene unasaidia sana, ukitoka mili 6 ukaenda mili 8 ugumu unazidi mara mbili na kitu. Kwa hivyo ukiona dirisha kubwa linatikisika ukilisukuma na kiganja, usidanganywe na muhuri wa tempa, hicho kioo ni chembamba kwa hiyo nafasi.

Yule mama mwenye duka alitaka kioo kimoja kizima. Tukapiga hesabu pamoja: kioo kina uzito wa kilo 2.5 kwa kila mita mraba kwa kila mili moja ya unene. Nafasi yake ni karibu mita mraba 5, na kwa ukubwa huo singeshuka chini ya lamineti ya mili 10.76, hiyo ni kama kilo 130 pamoja na plastiki. Kukibeba ni jeshi la watu, na kikipasuka kona moja unanunua chote. Tukaweka nguzo ya alumini katikati, tukapata vioo viwili vya upana wa karibu mita 1.2, na hapo 8.76 ikatosha, kila kimoja kama kilo 52.

Hiyo 8.76 maana yake ni 4 na 4 na plastiki ya 0.76. Kuna pia 8.38 ambayo plastiki ni nusu yake, ni nafuu na ukiangalia kwa mbali huwezi tofautisha, lakini ikigongwa mara nyingi inachanika haraka. Kwa kotesheni hakikisha imeandikwa namba kamili, si "lamineti mili 8" tu.

Hatua ya 4: pima, halafu pima tena

Kuta zetu haziko sawa. Pima upana juu, katikati na chini, chukua ile ndogo, utoe mili 3 mpaka 5 kila upande. Angalia pia mfereji wa fremu, kwa sababu nyingi zimetengenezewa mili 5 ama 6 na 8.76 haiingii. Tempa ikishachomwa haikatwi wala haitobolewi, shimo la kufuli na la bawaba yote yaende kwa mchoro kabla. Mimi niliwahi kuoda tempa iliyozidi mili 6 upana, nikaona ni kitu kidogo, na hakuna la kufanya, niliilipa na nikaoda ingine.

Hatua ya 5: kagua ikifika

Tempa itafute muhuri kwa kona. Halafu vaa zile miwani za jua za polaroidi uangalie kioo kwa mshazari, utaona madoa ama mistari ya kivuli ambayo cha kawaida hakina. Lamineti angalia ukingo, utaona ule mstari wa plastiki katikati. Ukiona ukingo umemeguka kataa, ufa huanzia hapo.

Hatua ya 6: kufunga

Kioo kisikalie alumini. Weka vipande 2 vya raba ngumu chini, kila kimoja robo ya upana kutoka kona, kwa sisi ilikuwa sentimita 30. Toboa fremu chini maji yatoke, kwa sababu lamineti ikikaa kwa maji ukingo unaanza kuwa mweupe na kufanya mapovu. Na ile silikoni inayonuka siki usiitumie hapo, inaharibu PVB, itisha ya nyutro.

Kitu ingine, usibandike posta kubwa nyeusi kwa lamineti ama kioo cha kawaida kinachopigwa na jua la jioni. Pale kwa posta panapata moto, ukingo ndani ya fremu unabaki baridi, na kioo kinapasuka chenyewe. Utajua ni joto kwa sababu ufa unaanza ukingoni kwa pembe mraba na ukingo, na hakuna alama ya kugongwa.

Dirisha la yule mama lilikuja kupigwa jiwe usiku mmoja wa Jumamosi. Kioo cha kushoto kilipasuka kama utando wa buibui lakini kikakaa hapo mpaka Jumatatu, hakuna kiatu kilitoka, na nikabadilisha hicho kimoja peke yake.