Somo: Glisirini na losheni zinazonata Pwani

Glisirini huvuta maji yaliyo hewani na kuyashikilia, wala yenyewe haikauki kama maji. Katika hewa yenye unyevunyevu wa asilimia 80, hali ya kawaida ya masika Dar es Salaam au Mombasa, mchanganyiko wake hupoteza au hufyonza maji mpaka ukaribie nusu glisirini, nusu maji, kisha hutulia hapo.

Sasa tazama chupa ambayo wengi huiandaa nyumbani, nusu glisirini na nusu maji ya waridi. Ukijipaka gramu 1, karibu gramu yote hubaki juu ya ngozi, kwa kuwa mchanganyiko huo tayari umefikia kiwango ambacho hewa inauruhusu. Ukipaka gramu 1 ya mchanganyiko wenye glisirini asilimia 5, maji mengi hupaa na kubakiza takriban sehemu moja ya kumi. Kunata kunatokana na wingi wa utando huo, na jasho likiongezeka juu yake, shati hugandamana na mgongo.

Hatua ya kwanza: pima gramu 5 za glisirini na gramu 95 za maji yaliyochemshwa yakapoa. Tumia mizani ya jikoni, kwani glisirini ni nzito kuliko maji na kijiko hudanganya. Hakuna kihifadhi humo, kwa hiyo weka kwenye friji na umalize ndani ya siku chache.

Hatua ya pili: baada ya kuoga, jifute kidogo tu, kisha paka kiasi chembamba.

Hatua ya tatu: subiri kama dakika kumi, ubandike kipande cha karatasi laini kwenye mkono. Kikidondoka chenyewe, kiasi kinafaa. Kikishikilia, punguza unachopaka kabla ya kupunguza glisirini.

Kwa losheni ya dukani, soma orodha ya viambato: vilivyo vingi hutangulia. Glisirini ikifuata maji moja kwa moja, na sobitoli, kiambato kingine kinachovuta maji, ikiwa jirani yake, tarajia kunata. Wakati mwingine, hata hivyo, kinachonata ni gundi ya kuipa losheni uzito, na glisirini husingiziwa.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, nikiwa Dodoma losheni ileile hainati, lakini ngozi inakakamaa. Kwa nini?*

Kiangazi cha Dodoma kina hewa kavu, hivyo glisirini hupata maji machache kutoka nje na huweza kuyavuta yale ya ndani ya ngozi. Endelea nayo, ila ifunike kwa mafuta ya mgando kidogo; huku Pwani safu hiyo ingekutesa.

*Je, nikitumia yurea badala yake?*

Krimu ya yurea ya asilimia 5 hadi 10 huvuta maji pia, na kwa kawaida hunata kidogo kuliko glisirini nyingi. Usiipake penye michubuko au mara tu baada ya kunyoa, kwa sababu huchoma.