Moshi wa jikoni na presha ya mpishi

Mwenye shinikizo la juu la damu huulizwa kwanza kuhusu chumvi, na ni mara chache kuulizwa anapikia wapi. Vumbi laini la moshi wa kuni hupenya hadi ndani kabisa ya mapafu, likachochea neva na kusababisha mishipa ya damu kubana, hivyo presha hupanda. Moshi wa magari hufanya kazi kwa njia hiyo hiyo, ilhali kelele za barabarani usiku huamsha homoni za mshtuko hata kama aliyelala hazinduki.

Katika nyanda za juu za Guatemala, watafiti waliwapa wanawake waliozoea kupikia moto wa wazi ndani ya nyumba majiko ya kuni yenye dohani, na presha yao ya chini, ile namba ya pili kwenye kipimo, ikapungua kwa takriban 3. Ni kiasi kidogo, kwa hiyo dawa za daktari zisiachwe.

Asiyeweza kununua jiko la gesi na ahamishie mafiga kwenye kibanda kilicho wazi pande mbili, akaushe kuni vizuri, na maharage ayaloweke usiku kucha ili yaive upesi. Mkaa usidhaniwe kuwa salama kwa sababu tu moshi wake hauonekani, kwani hutoa gesi ya sumu isiyo na harufu. Vilevile, presha isipimwe mara tu mtu anapotoka motoni. Aketi kwanza dakika 5 penye hewa safi.