Nilivyounganisha ushonaji na ualimu nikapata kitu ambacho hakuna jirani anakifanya (hatua kwa hatua)

Mimi ni fundi cherehani, na kabla ya hapo nilifundisha chekechea miaka sita. Watu wengi wana fani mbili kama mimi ila wanazitumia kwa zamu, asubuhi moja jioni nyingine, na hizo fani hazikutani kabisa. Hapa naeleza nilivyozikutanisha mpaka ikatoka kazi moja, ambayo ni vizibao vya kufundishia watoto kufunga nguo wenyewe, pamoja na somo lake. Nitaeleza na nilipokosea maana ndo pana faida kubwa kwako.

Hatua ya 1: andika vitendo, sio vyeo

Ukiandika "mimi ni fundi, mimi ni mwalimu" utabaki hapohapo umekaa. Chukua karatasi ugawe katikati, upande mmoja andika vile vitu mikono yako inafanya kwenye fani ya kwanza, upande wa pili hivyohivyo kwa fani ya pili. Kwangu upande wa ushonaji ulitoka hivi: kupima mwili, kuweka zipu, kutoboa tundu la kifungo, kurekebisha nguo inayobana, kujua kitambaa gani kinavumilia kufuliwa. Upande wa ualimu: kuvunja jambo gumu vipande vidogo, kuona mtoto amekwama wapi kabla hajalia, kupanga kipi kianze kipi kifuate, kuongea na mzazi.

Sasa chora mistari kutoka upande mmoja kwenda mwingine, kila kitendo na kila kitendo, hata ukiona haviendani. Mingi itakua haina maana na ni sawa tu. Mimi mstari wa "tundu la kifungo" na "kuvunja jambo gumu vipande vidogo" ndio ulinisimamisha, kwa sababu nilikumbuka darasani kila siku nilikua nafunga vifungo vya watoto zaidi ya ishirini wakitoka chooni, na hakuna aliyewahi kuwafundisha kufunga, tulikua tunawafungia tu basi.

Hatua ya 2: kipimo cha kutoa moja

Hii ndo hatua ninayoithamini kuliko zote. Ukishapata wazo, toa fani moja halafu angalia kama wazo bado limesimama. Kama limesimama, hujaunganisha chochote, umeweka vitu viwili karibu karibu tu.

Wazo langu la kwanza lilikua kushona sare za shule, nikijiambia mimi nawajua watoto. Nikatoa ualimu, sare bado ni sare, fundi yeyote anashona. Likafa. La pili lilikua kufundisha watu kushona, hapo fani zote zinahitajika kweli, lakini mafundi wengi wanapokea wanafunzi, kwa hiyo sikua naleta kipya. La tatu ndo hili la kufundisha watoto kufunga nguo. Ukitoa ushonaji, mwalimu anabaki na maneno hana cha kumpa mtoto ashike. Ukitoa ualimu, unabaki na kizibao kizuri kinachotundikwa ukutani, hakuna anayejua kianze na nini. Likakaa.

Kuhakikisha kama hakuna anayefanya usiulize "kuna mtu anauza hivi?", watu watakujibu tu hapana. Uliza mwenye shida yenyewe: "sasa hivi mnafanyaje?" Walimu watatu niliowauliza walijibu kitu kilekile, wanawafungia wenyewe au wanawaambia wazazi wavalishe nguo za lastiki. Jibu kama hilo maana yake shida ipo na watu wameshazoea kuikwepa.

Hatua ya 3: tengeneza kimoja tu, kibaya kibaya, upeleke kwa watoto

Nilianza na kitabu cha kitambaa, kurasa za sentimita 20 kwa 20, ukurasa mmoja velkro, mwingine zipu, mwingine vifungo. Kilipendeza sana. Watoto wakakaa nacho mezani wakajifunza, ndani ya wiki mbili wengi wanafunga kile kifungo cha kitabuni bila shida, nikafurahi. Halafu mmoja akatoka chooni shati liko wazi, nikamwambia funga kama kwenye kitabu, akashindwa kabisa.

Nilikaa nikaangalia vidole vyake ndo nikaelewa. Kitabu kinakua mbele yake kinamtazama, na shati liko mwilini, analiangalia kutoka juu, mikono imekunjwa kuelekea kwake. Upande wa kulia wa kitabu sio upande wa kulia wa shati lake. Alikua amejifunza kufunga nguo ya mtu mwingine! Ualimu peke yake usingenionyesha hilo na ushonaji peke yake pia usingenionyesha, ilibidi niangalie kwa macho yote mawili. Nikaacha kitabu nikashona kizibao ambacho mtoto anakivaa juu ya nguo zake, anajifunza palepale kwenye kifua chake.

Kwa hiyo usishone seti nzima kabla ya kujaribu. Kimoja, watoto watano au sita, dakika kumi kila mmoja, na wewe ukae kimya na kalamu. Usimsaidie. Andika mkono ulipokwama, sio "ameshindwa".

Hatua ya 4: rekebisha kitu kwa kufuata ulichokiona

Kwenye karatasi yangu watoto wengi walikwama sehemu moja, wakati wa kubadilisha mikono. Mkono mmoja unasukuma kifungo kiingie kwenye tundu, halafu mkono mwingine unatakiwa ukidake upande wa pili, hapo katikati kifungo kinarudi nyuma. Kumwambia "jitahidi" hakusaidii, hilo ni tatizo la fundi kulitatua. Nilifanya hivi:

Kifungo cha kwanza kiwe bapa chenye upana wa sentimita 3. Tundu la kawaida huwa ni upana wa kifungo ujumlishe unene wake, yaani kama sentimita 3.3, ila kwa mtoto anayeanza mimi natoboa 3.6. Ukizidisha hapo kifungo kinachomoka chenyewe na mtoto anakata tamaa, ukibana hakipiti. Ukishona kifungo kiachie shingo ya uzi ya milimita 4 hivi, weka kijiti cha kiberiti chini yake wakati unashona kisha ukichomoe na uzungushe uzi, maana kifungo kilicholala juu ya kitambaa vidole vidogo havipati pa kushika. Ukingo wa tundu uweke stifu ndani, ile ya kwenye kola, ili kitambaa kisikunjamane. Na uzi wa tundu uwe rangi tofauti kabisa na kitambaa, mtoto aone mlango uko wapi.

Kizibao chenyewe nashona kwa kitambaa kigumu cha drili, mzunguko nazidisha sentimita 10 mpaka 12 juu ya kifua cha mtoto kwa sababu anavaa juu ya nguo. Seti yangu ni vizibao vinne: velkro, zipu, vifungo vikubwa, vifungo vidogo vya sentimita 1.5. Zipu iwe imefungwa chini tayari, na mtoto anakivalia kichwani kama fulana. Zile zinazoachana chini kabisa ni ngumu kuliko hata vifungo, hizo ziache mwishoni. Kingine, shati la kiume vifungo vinakaa upande wa kulia wa mvaaji na la kike mara nyingi kushoto, kwa hiyo cha vifungo nashona aina mbili.

Usalama ni lazima. Kifungo kikichomoka kinaingia mdomoni. Shona kwa uzi mara mbili, vuta kwa nguvu zako zote kabla hujakitoa mkononi, na kagua kila baada ya kufua. Kwa watoto chini ya miaka mitatu mimi natoa cha velkro tu.

Hatua ya 5: andika somo liwe fupi la ukurasa mmoja

Hapa ndo watu wengi wenye fani ya mikono wanaruka, na bila hii mtu yeyote atakiiga kizibao chako kesho. Somo langu linaanzia mwisho. Mwalimu anafanya kila kitu, anasukuma kifungo mpaka nusu kimetoka, mtoto kazi yake ni kukivuta tu kimalizike. Akiweza mara tano bila kusaidiwa, mwalimu anarudi nyuma hatua moja, sasa mtoto anadaka na kuvuta. Baadae anasukuma mwenyewe. Hivyo kila jaribio linaishia na nguo iliyofungwa, mtoto haachwi katikati hata siku moja. Na kufungua kunatangulia kufunga siku zote, ni rahisi zaidi na vidole vinajua njia.

Dakika kumi kwa siku, kabla ya kwenda kucheza, sio wakati wamechoka.

Hatua ya 6: hesabu masaa ya fani zote mbili

Wateja wa kwanza niliwatoza ushonaji tu. Nikaja kukaa na daftari nikaona seti moja inakula saa 6 za kukata na kushona, saa 1 ya kuandaa somo kulingana na umri wa darasa, na saa 2 za kwenda kumwonyesha mwalimu na kurudi kuangalia. Saa 3 kati ya 9 nilikua nazitoa bure, yaani theluthi nzima, na ndizo saa ambazo fundi mwingine hawezi kuzitoa. Saivi bei inaandikwa mistari miwili, vizibao na somo, mteja anaona anachonunua. Mtu akitaka vizibao bila somo huwa sikubali, kwa sababu vitaishia kabatini na atasema havifanyi kazi.

Mwalimu mpya namwazima seti wiki mbili kwanza. Nikirudi siangalii watoto wakiwa wamevaa vizibao kabisa. Nasubiri muda wa kutoka chooni, nahesabu wangapi wamefunga mashati yao wenyewe. Wakiwa chini ya nusu narudi kwenye karatasi ya kukwama, naangalia tundu kwanza, halafu ndo namuuliza mwalimu anaanzia hatua ipi.