Somo: Meseji ya kusindikiza slipu za mshahara, kitambulisho na barua ya mwajiri unapoomba nyumba

Wadau habari. Kuna mwenye nyumba namsaidiaga kuchambua maombi, na nikwambieni ukweli, watu wengi hawakosi nyumba kwa sababu ya mshahara mdogo, wanakosa kwa sababu wametuma faili sita zinaitwa IMG-sijui-nini, hakuna hata sentensi moja, halafu mimi ndio nianze kukisia ipi ni nini. Nikiwa na maombi mengine kumi hapo pembeni unadhani nitakisia?

Hatua ya 1: usianze na meseji, anza na makaratasi. Zisome slipu zako za miezi 3 ya mwisho kama unasoma za mtu usiyemjua. Angalia jina limeandikwaje kwenye slipu, kwenye kitambulisho na kwenye barua, angalia tarehe ya kuanza kazi iliyo kwenye barua inaendana na slipu au la, halafu angalia ile hela inayobaki baada ya makato, inalingana miezi yote? Popote utakaposhtuka wewe, mwenye nyumba naye atashtuka hapo hapo, kwa hiyo paandike pembeni, ndio utakayoyaelezea.

Barua ya mwajiri iwe ya karibuni, ina kichwa cha kampuni, cheo chako, umeanza lini, ajira ni ya kudumu au ya mkataba (kama ni mkataba unaisha lini), sahihi, na namba ya ofisi ya kupiga kuhakiki. Barua isiyo na mtu wa kumpigia haina kazi kabisa.

Hatua ya 2: zipe faili majina na namba. Skani vizuri, pembe zote nne zionekane, isiwe picha ina kivuli cha kichwa chako.

```
1_Kitambulisho.pdf
2_Slipu_Januari.pdf
3_Slipu_Februari.pdf
4_Slipu_Machi.pdf
5_Barua_ya_Mwajiri.pdf
```

Hatua ya 3: sasa ndio andika, na namba za kwenye meseji zifuate hizo hizo za faili. Tuseme Februari ulichukua likizo bila malipo wiki moja, na kitambulisho kina jina la ukoo la zamani kabla hujaolewa:

"Habari za leo. Naomba kupanga nyumba ya vyumba viwili niliyokuja kuiona Jumamosi, kuanzia tarehe 1 Mei. Tutakaa watu wawili. Nimeambatanisha: (1) kopi ya kitambulisho, (2) hadi (4) slipu za mshahara za Januari, Februari na Machi, (5) barua ya mwajiri. Mshahara wa Februari uko chini kwa sababu nilikuwa na likizo ya wiki moja bila malipo, Machi umerudi kawaida. Kitambulisho kina jina langu la kabla ya ndoa, slipu na barua zina jina la sasa, cheti cha ndoa ninacho ukikihitaji. Mwajiri anapatikana kwa namba iliyo kwenye barua saa za kazi. Asante."

Basi, imetosha. Hiyo sentensi ya Februari ndiyo yenye thamani kuliko zote, maana bila hiyo mtu anaona tu mshahara umeporomoka anawaza labda kazi inayumba. Habari za wewe ni mtu mkimya unayependa usafi acha, kila mtu anaandika hivyo.

Hatua ya 4: jilinde. Juu ya kopi ya kitambulisho andika kwa kukatisha "Kwa maombi ya nyumba tu" na tarehe, ila usifunike jina wala picha. Kwenye slipu ziba namba ya akaunti ya benki. Jina, mwajiri, mwezi na mshahara viache.

MASWALI

— Kaka mimi nina slipu moja tu, kazi nimeanza mwezi uliopita. Nisubiri?
Usisubiri. Tuma hiyo moja na useme wazi ni moja kwa sababu umeanza tarehe fulani, barua ya mwajiri itaje tarehe hiyo hiyo. Ukiwa na slipu za kazi ya zamani ziweke pia.

— Dalali anataka kitambulisho na slipu kabla hata sijaiona nyumba, ni sawa?
Hapana dada. Mwambie makaratasi yapo tayari utayatuma ukishaiona nyumba. Akikataa katakata achana naye, kuna watu kazi yao ni kukusanya vitambulisho vya wenzao tu.

— Bosi hataki kuandika mshahara kwenye barua.
Haina shida, mshahara uko kwenye slipu. Barua kazi yake kuthibitisha upo kazini na tangu lini.

— Nikikosa nyumba makaratasi yangu je?
Waandikie wayafute, mstari mmoja tu. Kama wameyafuta kweli huwezi kujua, ndio maana ya yale maandishi juu ya kitambulisho.