Tiza ya mzigo mpya: ficha nguo, usifiche tarehe

Wadau, tiza yangu ya kwanza, yaani posti ya kuwatamanisha watu kabla mzigo haujatoka, niliandika tu "kitu kikubwa kinakuja" na picha nyeusi, watu wakauliza nafungua mgahawa au vipi, mwingine akapita kimya. Iliniuma maana nguo zilikuwa nzuri. Ya pili, ya jaketi za jinzi zenye mfuko wa nyavu za dagaa mgongoni, nilifanya hivi.

Hatua ya 1: usitaje tarehe kabla hujahesabu cherehani. Nilikuwa na jaketi 40, mafundi wawili, kila mmoja anamaliza mbili kwa siku, kwa hiyo siku 10 za kazi, nikaongeza wiki nzima maana umeme ukikatika ovaloki inasimama na zipu zinaweza kuchelewa njiani. Ndo nikapata Jumamosi 26 Julai 2025. Ukiahirisha mara moja tu, tarehe yako ijayo hakuna atakayeiamini.

Hatua ya 2: chagua kitu kimoja cha kuficha. Mimi nilificha mgongo, basi. Kwamba ni jaketi watu walijua toka mwanzo, maana mtu hawezi kusubiri kitu asichojua hata ni cha kuvaa au cha kula.

Hatua ya 3: rekodi. Tulienda Capri Point, Mwanza, saa 12 jioni, modo akasimama jua likiwa nyuma yake, simu wima, nikagusa anga kwenye skrini nikashikilia mpaka mwanga ukajifunga, hapo mtu anakuwa kivuli cheusi na ziwa linang'aa nyuma, unaona umbo la jaketi ila mfuko huuoni kabisa. Video nzima sekunde 12: sekunde 5 za kivuli, 3 za mkono unavuta zipu (sauti ya zipu iache kama ilivyo, usiifunike na muziki), 4 za mwisho tarehe peke yake.

Hatua ya 4, hapa ndo wengi tunakosea. Niliandika JUMAMOSI 26 JULAI, SAA 4 ASUBUHI, MAKOROBOI, herufi nyeupe katikati ya skrini, kwa sababu chini kabisa vitufe na kapsheni vinafunika maandishi. Usiandike "wikiendi hii" wala "kesho", video ikishaingia kwenye magrupu ya Wasapu inazunguka siku nne tano na kesho yako inakuwa juzi ya mtu.

Hatua ya 5: posti mara tatu, siku 10 kabla, siku 3, na siku 1. Kila mara onyesha kidogo zaidi (ya pili kona ya wavu, ya tatu bei), ila tarehe ikae palepale kwa herufi zilezile.

Halafu soma komenti. Wakiuliza "ni nini hiyo?" umeficha mno, rudisha picha ya nguo. Wakiuliza "lini?" maandishi hayasomeki, rekebisha leoleo. Mimi posti ya pili walianza "bei gani, na ya kike ipo?", nikajua nimepatia, nikawaambia mafundi wapunguze saizi kubwa kwenye zile 12 zilizobaki kukatwa.